Tiketi imeanza na 169 wakati ndege ni ya hapa hapa Afrika. Nimepigwa?

Mtoto wa Gerezani
Wakuu habari zenu. Nimemkatia mama tiketi ya kwenda kwa dada, kwa wakala mmoja pale mjini Dar. Ndege ni ya shirika moja la kusini mwa Afrika, sitaki kulitaja. Risiti imekuja kwa barua pepe, nikaona pameandikwa ETKT halafu 169 na namba kumi nyuma yake. Najua tiketi za Air Tanzania zinaanza na 197 na za Kenya Airways 706. Kwa hiyo namba tatu za mwanzo ni za nchi, kama vile 255 kwenye simu. Sasa 169 ni nchi gani? Nimempigia wakala, ananiambia "hiyo ni ya Ujerumani, usijali". Mama haendi Ujerumani! Anayejua anisaidie kabla sijaenda kumkaba mtu shati.

Kijana wa Buguruni
Umepigwa mkuu. Pole.

Bi Nanasi
Msimtishe mwenzenu. Mimi nimekata tiketi Muscat miaka yote, tiketi za Oman Air zinaanza na 910 na hakuna nchi yenye 910 kwenye simu. Kwa hiyo hiyo habari ya namba za simu iondoe kichwani kwanza.

Karani wa Zamani
Mtoto wa Gerezani, tulia. 169 ni Hahn Air, shirika la Ujerumani lenye makao Dreieich, karibu na Frankfurt. Wakala wako hakudanganya, ila amekujibu kwa mkato.

Zile namba tatu si za nchi. Ni namba ya shirika kwa ajili ya hesabu, inatolewa na IATA, umoja wa mashirika ya ndege duniani, na inamtaja shirika ambaye karatasi yake imetumika kutoa tiketi. Zamani wakala alikuwa na vitabu vya tiketi kabatini na kibao cha chuma cha kila shirika anachogongea muhuri. Siku hizi kibao hakipo lakini mantiki ni ile ile: kila tiketi lazima iwe na mwenye karatasi, na huyo ndiye anayepokea hela yako kwanza.

Sasa kwa nini Mjerumani? Hapa Tanzania wakala anauza tiketi kupitia BSP, ule mfumo wa IATA wa kukusanya hela za mawakala nchi kwa nchi. Shirika ambalo halijajiunga na BSP ya nchi yetu, wakala anaweza kuona ndege zake kwenye skrini, lakini hawezi kutoa tiketi kwa namba zake. Hahn Air imejiunga karibu kila mahali na ina mikataba na mamia ya mashirika. Basi wakala anatoa tiketi kwa 169, Hahn anachukua hela, mama anapanda ndege ya shirika lile la kusini, na likishambeba linamdai Hahn kwa ajili ya kipande alichosafiri. Ndege za Hahn zenyewe ni chache na ndogo, biashara yake hasa ndiyo hii.

Kijana wa Buguruni
Yaani kuna shirika la ndege ambalo kazi yake ni kukopesha namba? Wazungu wamemaliza.

Mtoto wa Gerezani
Ahsante mzee Karani, moyo umerudi. Lakini swali langu lipo pale pale. Hizo 197 na 706 ni za mashirika ya taifa. Si ndiyo nchi hiyo?

Rubani wa Kitandani
Karani yuko sawa kwa upande wa Hahn ila kuna mpangilio wa kijiografia amesahau kuutaja. Namba ndogo ni za Marekani: American ni 001, Delta 006, United 016, na jirani yao Air Canada 014. Ukipanda unaingia Ulaya na Mashariki ya Kati: Air France 057, Saudia 065, Gulf Air 072, KLM 074. Kwa hiyo ukiona tiketi inaanza na sifuri na namba ndogo, mwenyewe yuko Amerika Kaskazini. Hizi zinasomeka kabisa ukiwa na jicho.

Mama Kaunta
Rubani wa Kitandani, Precision Air ni 031. Nitajie wako jimbo gani la Marekani.

Kijana wa Buguruni
😂😂 Jimbo la Shinyanga.

Rubani wa Kitandani
Hiyo ni moja. Kila kanuni ina wakorofi wake. Nimesema wale wakongwe, waliopewa wakati foleni ilikuwa fupi. Precision ni mtoto wa juzi, kapewa nafasi iliyokuwa wazi.

Karani wa Zamani
Kwa wakongwe ni kweli unaona makundi. Lakini chukua 071, 072, 074 na 077. Ni Ethiopian, Gulf Air, KLM na EgyptAir. Wamesimama bega kwa bega, na mabara yao ni matatu. Utasemaje hapo?

Halafu tazama kwetu. Kenya Airways na Air Tanzania zilizaliwa mwaka mmoja, 1977, kutoka tumbo moja la East African Airways iliyovunjika. Mmoja ana 706, mwingine 197. Kama namba ingekuwa inafuata ramani, hawa wangekaa jirani. Namba inamtambulisha mwenyewe, na kwa kuwa mwenyewe ana nchi, ukimjua umeijua nchi. Lakini lazima upitie kwake. Huwezi kuruka kutoka kwenye namba moja kwa moja hadi kwenye bendera.

Duka la Mtaa
Mimi nadhani mnachanganya na ile mistari ya bidhaa. Sabuni ya Tanzania inaanza na 620, ya Kenya 616. Pale kweli namba tatu za mwanzo ni nchi. Nina duka, naziona kila siku.

Mama Kaunta
Hata hizo ndugu yangu zinaonyesha kampuni ilisajili wapi hiyo namba, sabuni yenyewe inaweza kuwa imechemshwa China. Lakini sawa, tusiuhamishie uzi dukani.

Msee wa Mombasa
Wakenya tumefika. Mimi nasema namba muachie wahasibu, nchi iko kwenye zile herufi mbili za safari. KQ ni Kenya, ET ni Ethiopia, SA ni South Africa. Hapo hakuna mjadala.

Karani wa Zamani
Mjadala ndio unaanza. Kwa orodha ya kimataifa ya vifupi vya nchi, Kenya ni KE. Ukiona safari imeandikwa KE na namba, umepanda Korean Air. UG si Uganda, ni Tunisair Express ya Tunisia. BI si Burundi, ni Royal Brunei. TZ ilikuwa ya ATA ya Marekani, baadaye ikatumiwa na Scoot ya Singapore mpaka 2017 walipoungana na Tigerair wakahamia TR. Afrika Mashariki karibu yote imeshachukuliwa na wageni. Na hiyo SA uliyoitaja, kwenye orodha ya nchi SA ni Saudi Arabia, wakati Saudia wenyewe wanatumia SV.

Msee wa Mombasa
Wueh. Kwa hivyo mtu akisoma KE kwenye tiketi akadhani anarudi Nairobi, anashukia Seoul?

Kijana wa Buguruni
Atakuwa amelala sana.

Bi Nanasi
Mbona Ethiopia imekubali pande zote? ET ya nchi, ET ya shirika, na hata ubavuni mwa ndege zao pameandikwa ET.

Karani wa Zamani
Hao wana bahati, zimelingana tatu zote. Usiwafanye kipimo.

Na umegusa jambo la maana: maandishi ya ubavuni ni kitu kingine kabisa. Hiyo ni namba ya usajili wa ndege, kama namba ya gari, na mwanzo wake ndio hasa unataja nchi. Tanzania ni 5H, Kenya 5Y, Uganda 5X. Ndege za Air Tanzania utaziona 5H-TC na herufi moja mwishoni. Lakini herufi za safari za Air Tanzania ni TC peke yake.

Mpiga Picha Kipawa
Hapo kwenye TC ndipo nilipotaka kuingilia. Mimi huwa napiga picha za ndege nje ya uzio pale uwanja wa Nyerere. Kuna jamaa alinitumia picha ya ndege kubwa, ubavuni TC- na herufi tatu, akaniambia "serikali imeleta ndege mpya kimyakimya". Nikamwambia tazama mkia. Ilikuwa Turkish! TC kwenye usajili ni Uturuki. Alikuwa ameshaitupia picha kwenye makundi manne ya WhatsApp.

Mama Kaunta
Na kinyume chake kipo. 5H kwenye usajili ni Tanzania, lakini herufi za safari za Fly540 zilikuwa 5H, na hao ni wa Nairobi. Abiria alikuwa anakuja na bodingi pasi imeandikwa 5H, ubavuni mwa ndege 5Y. Ukiuliza 5H ni nchi gani, jibu linategemea umeisomea wapi.

Msee wa Mombasa
Sawa, mmenishinda kwa hiyo. Lakini KQ basi imetoka wapi? K ni Kenya, hiyo hata mtoto anajua. Q ni ya nini?

Rubani wa Kitandani
Rahisi. Walitaka KA ikawa imechukuliwa na Dragonair ya Hong Kong, KE imechukuliwa na Wakorea, wakapewa iliyobaki.

Mpiga Picha Kipawa
Dragonair ilianzishwa 1985. Kenya Airways 1977. Wangekutaje KA imechukuliwa na shirika ambalo halijazaliwa?

Rubani wa Kitandani
Basi ilikuwa ya mwingine kabla ya Dragonair. Herufi zinazunguka, shirika likifa zinapewa mwingine. Kwenye KE nimepatia lakini.

Msee wa Mombasa
Mimi nilisikia Q ni ya "Queen". Mjomba alikuwa Embakasi miaka hiyo, ndiye alituambia.

Kijana wa Buguruni
Mjomba wako 1977 bado alikuwa anamsubiri Malkia arudi?

Mama Kaunta
Mashirika mengi yana Q na hayana malkia. Qantas ni QF, Qatar QR, Uganda Airlines ile ya zamani ilikuwa QU na hii mpya ni UR. Nadhani Q ilikuwa tu herufi isiyogombaniwa sana.

Mzee wa Shirika
Habari za jioni. Kwa upande wa TC, sisi tuliokuwepo tulikuwa tunasema ni Tanzania Corporation, maana jina lilikuwa Air Tanzania Corporation. ATC ile. Ndiyo maana mpaka leo watu wazima wanaita "ATC" hata baada ya kuwa kampuni.

Rubani wa Kitandani
Mzee shikamoo. Kwani si kwa sababu TA ilikuwa ya TACA ya El Salvador? Wale ni wa tangu miaka ya 1930.

Mzee wa Shirika
Marahaba. TA kuwa ya TACA ni kweli. Lakini hiyo inaeleza kwa nini hatukupata TA. Haielezi kwa nini tulipata TC. East African Airways yenyewe ilikuwa EC, na hiyo C wengine walisema ndiyo tuliyoirithi. Tulibishana kantini mpaka nikastaafu.

Mwana wa Bukavu
Wandugu salamu. Mimi niko Brussels. Hapa tunapanda Brussels Airlines kwenda Kinshasa, Kigali, Bujumbura. Herufi zao ni SN. Kwa orodha ya nchi SN ni Senegal. Tiketi inaanza 082. Hizo zote mbili ni za Sabena, ile iliyofilisika 2001! Shirika limekufa, lakini herufi na namba zingali zinaruka. Baba yangu ana tiketi ya karatasi ya Sabena ya miaka ya 1980, mwanzo wake 082, sawasawa na ya kwangu ya mwaka jana.

Karani wa Zamani
Mfano mzuri sana huo. Italia ilikuwa vile vile: Alitalia ilifunga Oktoba 2021, ITA ikaanza siku iliyofuata na AZ ile ile na 055 ile ile. Kwa hiyo hata ukishamjua mwenye namba, kuna swali la pili: ni mwenyewe wa lini?

Mtoto wa Gerezani
Wakuu uzi mtamu, lakini mama anaondoka mwezi ujao na bado sijui kama tiketi ni halali. Nimeingia kwenye tovuti ya lile shirika, nikaweka zile herufi sita za bukingi, inasema haipo.

Kijana wa Buguruni
Si nilikwambia umepigwa.

Mama Kaunta
Buguruni nyamaza kidogo.

Mtoto wa Gerezani, soma risiti polepole. Herufi sita alizokupa wakala mara nyingi ni za mfumo wake yeye, Amadeus au Sabre au Galileo. Tovuti ya shirika haizijui, inataka herufi sita za shirika lenyewe. Kwenye risiti nyingi zimeandikwa pembeni ya kila safari, na mbele yake kuna zile herufi mbili za shirika. Weka hizo pamoja na jina la ukoo la mama kama lilivyo kwenye pasi. Zikifungua, angalia kama namba ya tiketi inayoanza na 169 imo ndani, yote kumi na tatu. Ikiwa imo, tiketi ipo.

Tapeli wa kweli hakupi 169. Tapeli anakupa herufi sita bila namba ya tiketi. Bukingi bila tiketi inaonekana vizuri kabisa kwenye tovuti, ina jina, tarehe, hata kiti, halafu baada ya siku chache inajifuta kwa sababu hakuna aliyelipa. Hao tumewapokea sana kaunta, wanalia na karatasi nzuri mkononi.

Mtoto wa Gerezani
Dada Mama Kaunta Mungu akubariki. Imefungua! Nilikuwa naweka herufi za wakala. Namba ya tiketi imo, 169 na zote kumi. Sasa mama anataka kusogeza tarehe siku nne mbele. Niende ofisi ya shirika?

Mama Kaunta
Rudi kwa wakala. Hapo ndipo hiyo 169 inapouma. Hela yako ilipita kwa Hahn kupitia wakala. Ofisi ya shirika linaloruka inaweza kukuona kwenye mfumo na ikashindwa kukugusa, kwa sababu karatasi si yake. Kubadili tarehe kwa hiari yako au kudai hela ni kazi ya aliyekutolea tiketi. Ila ndege ikiahirishwa au ikifutwa, hapo aliyepaswa kukubeba ndiye wa kukutafutia nafasi, usikubali akutume Ujerumani.

Mwanamke wa Safari
Hapo pa "karatasi si yake" nina kidonda. Niliwahi kufika ofisi ya shirika moja na tiketi yenye namba za mwenzake, dada wa kaunta akanirudishia pasi bila hata kusoma: "hii si yetu". Nikamwonyesha herufi mbili za safari, ni zao. Jina la ndege, ni lao. Akagusa zile namba tatu kwa kucha: "hizi si zetu". Wakala wangu alikuwa ameshafunga duka kwa sikukuu. Nililipa tiketi nyingine.

Karani wa Zamani
Pole dada. Alikuwa sahihi kwa kanuni na hakukusaidia kitu. Angalau angekuonyesha mwenye karatasi ni nani na ofisi yake iko wapi. Ndiyo maana mimi huwaambia watu kabla ya kulipa waulize "tiketi itatolewa kwa namba za nani?" Wakala mwenye akili atakujibu hapo hapo.

Mpakiaji
Wakuu mimi ni wa mizigo, nimechelewa. Kwetu namba tatu ni zile zile. Hati ya mzigo ya Kenya Airways inaanza 706, ya Ethiopian 071. Baada ya hapo ziko namba nane, na ya nane ni ya kukagua. Chukua saba za kwanza, gawa kwa 7, baki ndiyo ya nane. Mfano 1234567 ukigawa kwa 7 inabaki 5, kwa hiyo inaandikwa:

```
706-12345675
```

Mteja akinisomea kwenye simu akakosea tarakimu moja, mara nyingi naikamata bila hata kufungua mfumo. Akichanganya 1 na 8, au 2 na 9, inapita, maana tofauti yake ni saba.

Rubani wa Kitandani
Na kibandiko cha begi?

Mpakiaji
Namba kumi. Ya kwanza iache, tatu zinazofuata ni za shirika. Begi likipotelea nchi ya watu hizo tatu ndizo zinaambia watu wamuulize nani.

Duka la Mtaa
Kwa hiyo begi nalo halina nchi?

Kijana wa Buguruni
Begi la kwangu lina nchi, limebaki Addis tangu Jumanne.

Msee wa Mombasa
Pole bro. Turudi kwa Q. Nimempigia mjomba. Anasema hakusema Queen, alisema hiyo herufi walipewa tu na hakuna aliyewaeleza. Lakini shangazi yuko nyuma anapiga kelele kuwa ni Queen.

Mzee wa Shirika
Muulize shangazi alikuwa idara gani.

Msee wa Mombasa
Anasema jikoni, kupakia vyakula vya ndege. Na anasema wa jikoni walijua mambo yote kabla ya mkurugenzi.